Ki-67 na hesabu ya mitosisi kwenye ripoti ya saratani ya matiti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo wagonjwa na ndugu zao huniletea dirishani wakiwa na karatasi mkononi, mara nyingi wakiwa wameshaizungushia kalamu tarakimu moja. Nimeyajibu kwa kufuata saratani ya matiti, kwa sababu ndiko tarakimu hizi mbili zinakoleta mkanganyiko mwingi zaidi. Uvimbe wa aina nyingine nimeugusa mwishoni.

## Mambo ya msingi

1. Ki-67 ni kitu gani?

Ni protini inayokaa ndani ya kiini cha seli iliyo katika mzunguko wa kugawanyika. Seli iliyopumzika haina protini hiyo. Seli inayojiandaa kugawanyika, inayonakili vinasaba vyake, au iliyo katikati ya kugawanyika, inayo.

Maabara hukata utepe mwembamba sana wa nyama iliyogandishwa kwenye nta, kisha huumwagia kingamwili inayoinasa protini hiyo. Viini vyenye Ki-67 hugeuka kahawia na visivyo nayo hubaki bluu. Daktari wa patholojia anahesabu, kati ya seli za saratani peke yake, ngapi ni za kahawia. Akiandika 25%, maana yake ni kwamba kati ya seli 100 za saratani, 25 zilikuwa kwenye mzunguko siku nyama ilipotolewa mwilini, na 75 zilikuwa zimetulia.

2. Kwa hiyo alama yangu ni 67?

Hapana, ingawa swali hili naulizwa karibu kila wiki. 67 ni sehemu ya jina. "Ki" inatokana na Kiel, mji wa Ujerumani ambako watafiti waliitangaza kingamwili hiyo mwaka 1983, na 67 ni namba ya kishimo kilichokuwa na seli zilizoitoa, kwenye kisahani cha vishimo 96. Alama yako ni ile asilimia inayofuata baada ya jina. Ukiona pia MIB-1, hiyo ni kingamwili nyingine inayonasa protini ileile kwenye nyama iliyohifadhiwa kwenye nta. Soma asilimia yake kama ya Ki-67.

3. Na hesabu ya mitosisi?

Mitosisi ni ile dakika ya mwisho ya safari, seli inapopasuka na kuwa mbili. Haihitaji kingamwili. Inaonekana kwenye slaidi ya kawaida yenye rangi ya waridi na zambarau, ambayo kila maabara ya patholojia inatengeneza kwa kila mgonjwa.

Chini ya hadubini utando wa kiini unakuwa umetoweka, na kromosomu zimejipanga ukanda mweusi katikati ya seli, kingo zake zikiwa na vijinywele kama mkeka uliochanika pembeni. Au zimekwisha kutengana na kuwa mikanda miwili inayotazamana. Shida ni kwamba seli inayokufa nayo huwa na kiini cheusi. Cha kwake ni cha mviringo, laini kama gololi, na mwili wa seli unakuwa umesinyaa na kuiva waridi. Desturi ya kazi ni kwamba ukisita, usihesabu.

4. Ki-67 yangu ni 30% lakini wameandika mitosisi chache. Nani amekosea?

Yawezekana hakuna aliyekosea. Mzunguko mzima wa seli huchukua siku nzima au zaidi, ilhali mitosisi yenyewe huchukua kama saa moja hivi. Ki-67 inahesabu abiria wote waliomo ndani ya basi, na mitosisi inahesabu wale waliokutwa mlangoni wanashuka wakati picha inapigwa. Lazima wa mlangoni wawe wachache.

Kinachopaswa kumshtua daktari ni tofauti kubwa mno, kwa mfano Ki-67 ya 60% na mitosisi karibu sifuri. Hapo kwanza tunaitilia shaka nyama yenyewe: huenda ilichelewa kuingia kwenye fomalini (swali la 11). Pia tunaangalia kama zilizohesabiwa ni seli za saratani kweli, maana seli za kinga zilizojipenyeza ndani ya uvimbe nazo hugawanyika na kugeuka kahawia.

## Kutoka kwenye hesabu hadi kwenye daraja

5. Mitosisi inaingiaje kwenye "daraja" la saratani yangu?

Saratani ya matiti hupewa daraja kwa mfumo wa Nottingham, uliopewa sura yake ya sasa na Elston na Ellis mwaka 1991. Mambo matatu yanapimwa, na kila moja linapata alama 1 hadi 3: seli zinaunda mirija kwa kiasi gani kama titi la kawaida, viini vimeharibika sura kwa kiasi gani, na mitosisi ni ngapi. Jumla ya 3 hadi 5 ni daraja la 1, 6 au 7 ni la 2, 8 au 9 ni la 3.

Tuchukue mgonjwa wa mfano, mama wa miaka 52. Biopsi ya sindano inasema mirija alama 3, yaani hakuna mirija ya maana, viini alama 2, mitosisi alama 2. Jumla ni 7, daraja la 2. Vipokezi vya homoni, yaani protini za seli zinazonasa homoni, vipo kwa wingi. HER2, protini nyingine inayochochea seli kukua, ni hasi. Ki-67 ni 25%.

Angalia mahali jumla hiyo ilipokaa. Ni 7, ukingoni kabisa mwa daraja la 2, na alama moja tu ya mitosisi ikiongezeka anahamia la 3. Ndiyo maana nasema mgonjwa asitosheke na neno "daraja la 2". Aombe aone zile alama tatu. Saba ya 3+2+2 si sawa na sita ya 2+3+1, japo zote zinaitwa daraja la 2. Tutarudi kwa mama huyu kwenye swali la 12.

6. Hospitali mbili zimehesabu mitosisi 10 kila moja. Kwa nini moja imetoa alama 3 na nyingine alama 2?

Kwa sababu ya hadubini. Hesabu hufanywa kwenye maduara 10 ya ukuzaji mkubwa, na ripoti huandika kwa herufi HPF. Lakini duara unaloliona kwenye jicho la hadubini halilingani kutoka mashine moja hadi nyingine. Lenye kipenyo cha milimita 0.40 lina eneo la takriban milimita za mraba 0.126. Lenye kipenyo cha 0.55 lina 0.238, karibu mara mbili. Anayetumia la pili amepekua shamba karibu mara mbili, kwa hiyo mitosisi 10 kwake si nyingi kama kwa mwenzake.

Jedwali la kusahihisha jambo hili lipo. Kwa kipenyo cha 0.40, alama 3 inaanzia mitosisi 10. Kwa 0.55, mitosisi 9 hadi 17 ni alama 2, na 3 inaanzia 18. Kwa hiyo hospitali zote mbili zinaweza kuwa sahihi kuhusu alama, endapo kila moja ilitumia safu ya mashine yake, ingawa haziwezi kuwa zimeona uvimbe wenye kasi ileile. Ripoti nzuri hutaja eneo kwa milimita za mraba. Inayosema "mitosisi 10 kwa HPF 10" bila kutaja kipenyo imekupa bei bila kipimo.

7. Daraja la 3 ndiyo hatua ya 3?

Sivyo. Daraja linasema seli zina tabia gani. Hatua inasema ugonjwa umefika wapi: ukubwa wa uvimbe, tezi za kwapani, viungo vya mbali. Mtu anaweza kuwa na daraja la 3 katika hatua ya 1, na mwingine daraja la 1 lililokwisha kufika mifupani. Ki-67 na mitosisi zote mbili ziko upande wa tabia na haziwezi kukuambia kama saratani imesambaa.

## Kuisoma asilimia

8. Ki-67 ya ngapi ni kubwa?

Mpaka umehamahama. Mkutano wa wataalamu wa St. Gallen wa mwaka 2011 ulitumia 14% kutenganisha uvimbe wa taratibu na wa kasi kati ya zile zenye vipokezi vya homoni. Mwaka 2013 wengi wao walisogea hadi 20%. Mwaka 2021 kikundi cha kimataifa kinachoshughulikia Ki-67 ya saratani ya matiti kilichapisha msimamo ambao mimi naupenda kwa sababu unakiri udhaifu wa kipimo: 5% kushuka chini ni ndogo kweli, 30% kupanda juu ni kubwa kweli, na katikati pasitumike peke yake kuamua.

Msimamo huo unahusu wenye vipokezi vya homoni, HER2 hasi, na ugonjwa wa mapema. Mama wetu wa 25% yuko katikati hasa. Kwake uamuzi utategemea zaidi daraja, ukubwa wa uvimbe, hali ya tezi na umri, na penye uwezo, vipimo vya vinasaba vya uvimbe.

9. Maabara moja imesema 18%, nyingine 26%, na bloku, yaani kipande cha nta chenye nyama, ni ileile. Niamini ipi?

Kwanza tazama walihesabu seli ngapi. Tuseme ukweli ni 20%. Ukihesabu seli 100 tu, bahati peke yake inaweza kukupa popote kati ya 12% na 28%. Ukihesabu 500, unabanwa kati ya takriban 16% na 24%. Wengi hawahesabu kabisa, wanatupa jicho na kukadiria. Kukadiria kunatosha pale jibu lilipo 3% au 80%. Kwenye 20% ni kubahatisha.

Pili, walihesabu wapi? Uvimbe haugawanyiki kwa usawa. Ukingo wake mara nyingi una pilikapilika kuliko katikati. Mmoja akichagua kona yenye kahawia nyingi na mwingine akachukua wastani wa slaidi nzima, watatofautiana hata kama wote ni mabingwa. Kwa hiyo 18% na 26% zisikukoseshe usingizi: zote ni "katikati" kwa maana ya swali la 8. Kama dawa yako itaamuliwa na tofauti hiyo peke yake, omba daktari mmoja azisome slaidi zote mbili na aandike idadi ya seli alizohesabu.

10. Ki-67 kubwa maana yake lazima nipate kemo?

Si lazima, na si yenyewe inayoamua. Kama uvimbe hauna vipokezi vya homoni wala HER2, Ki-67 karibu kila mara huwa kubwa, na kemo huwa inazungumzwa kwa sababu ya aina ya uvimbe, si kwa sababu ya asilimia. Pale penye vipokezi vya homoni ndipo asilimia inaposaidia kupima kama dawa za homoni zitatosha.

Kuna dawa iliyofungwa kwenye Ki-67 kisha ikafunguliwa. Abemasiklibu iliidhinishwa Marekani mwaka 2021 kwa saratani ya matiti ya mapema yenye hatari kubwa ya kurudi, kwa sharti la Ki-67 ya 20% au zaidi. Mwaka 2023 sharti la Ki-67 likaondolewa, kwa kuwa waliokuwa chini ya 20% nao walinufaika. Asilimia ilikuwa inaeleza nani yuko hatarini zaidi, lakini haikuwa ikichagua nani dawa itamfaa.

Tena, kasi si sawa na kutotibika. Saratani ya Burkitt, ile ya taya za watoto ambayo daktari Denis Burkitt aliieleza akiwa Uganda mwaka 1958, ina Ki-67 inayokaribia 100%. Hakuna uvimbe wenye kasi kuupita. Na bado ni miongoni mwa zinazoyeyuka haraka kwa kemo, kwa sababu nyingi ya dawa hizo hushambulia seli zinazogawanyika. Zilizolala huwa vigumu kuzifikia.

## Nyama ilivyotunzwa

11. Upasuaji ulifanyika mbali na maabara. Inaweza kubadilisha majibu?

Inaweza, na kwa mazingira yetu hili ndilo chimbuko kubwa la tarakimu za uongo kuliko ujuzi wa msomaji.

Nyama ikitoka mwilini haifi papo hapo. Seli zilizokuwa kwenye mitosisi zinaweza kuimaliza, au zikaoza hadi zisitambulike tena. Kadiri fomalini inavyochelewa, hesabu inashuka, na Ki-67 nayo inafifia. Kwa hiyo kosa huelekea upande mmoja: uvimbe mkali unaonekana mpole. Kwa titi inashauriwa liingie kwenye fomalini ndani ya saa moja, likae humo kati ya saa 6 na 72. Fomalini iwe ya 10% iliyosawazishwa asidi yake, na ujazo wake uwe kama mara kumi ya nyama.

Niliwahi kupokea titi zima ndani ya ndoo ndogo ya plastiki, limesafiri usiku kucha, fomalini ikiwa vidole viwili tu chini. Halikukatwa. Fomalini hupenya polepole, kama milimita moja kwa saa, na mafuta ya titi huizuia zaidi. Nje lilikuwa gumu na la kijivu. Nilipolipasua, ndani lilikuwa laini, jekundu, na harufu imeanza. Ki-67 ukingoni ilitoka 40%, katikati 5%. Uvimbe ni mmoja. Niliandika ya ukingoni na nikaeleza sababu, lakini mitosisi ilibidi nisizitegemee.

Unawezaje kujua? Ripoti nyingi zina mstari wa maelezo ya sampuli. Maneno kama "imehifadhiwa vibaya" au "imeoza" yakiwepo, hesabu ndogo usiichukulie kama habari njema. Biopsi ya sindano iliyochukuliwa kabla ya upasuaji mara nyingi ndiyo shahidi bora, kwa sababu ni vijiti vyembamba vinavyolowa fomalini upesi. Omba Ki-67 ifanywe kwenye bloku hiyo. Bloku za nta hutunzwa.

Ndugu wanaobeba sampuli, na hapa kwetu ni wengi: ulizeni kabla hamjaondoka kama titi limepasuliwa vipande na kama fomalini imelifunika lote. Msiongeze maji. Msiiweke kwenye friza.

12. Biopsi ilisema daraja la 2, baada ya upasuaji ni la 3. Saratani imekua ndani ya wiki chache?

Kwa kawaida hapana. Sindano ilichota sehemu ndogo, na mara nyingine hakukuwa hata na maduara 10 ya kuhesabu. Mitosisi ndizo hukosekana zaidi, kwa hiyo biopsi ina tabia ya kupunja.

Yule mama wa swali la 5: biopsi 3+2+2. Uvimbe mzima ulipoangaliwa, ukingo wenye pilikapilika ulikuwa na mitosisi 19 katika maduara 10 ya kipenyo cha 0.55. Hiyo ni alama 3. Mirija ni ileile 3, viini vilevile 2. Jumla 8, daraja la 3. Kilichobadilika ni eneo lililotazamwa. Matibabu yanapangwa kwa lile la juu, isipokuwa kama sampuli ya upasuaji iliharibika, ambapo mizani inageuka kama nilivyoeleza kwenye swali la 11.

13. Nilipata dawa kabla ya upasuaji na Ki-67 imeshuka kutoka 40% hadi 8%. Ni kosa la maabara?

Huenda dawa imefanya kazi. Kemo na dawa za homoni hupunguza seli zilizo kwenye mzunguko, na kwa dawa za homoni kushuka kunaweza kuonekana ndani ya wiki mbili tu. Hiyo 8% inaelezea mabaki yaliyobaki baada ya dawa. Hailinganishwi na mipaka ya swali la 8, iliyowekwa kwa uvimbe ambao haujaguswa. Hakikisha fomu ya maabara inataja dawa ulizotumia. Nimeona fomu zenye jina na umri tu, na msomaji akaandika "uvimbe wa taratibu" kwa saratani iliyokwisha pigwa kemo mara sita.

## Hali za pembeni

14. Rafiki yangu ana uvimbe wa kongosho na Ki-67 yake ya 22% imeitwa daraja la juu. Yangu ya titi ni 25% na wamesema katikati. Kwa nini?

Kila kiungo kina mipaka yake. Uvimbe wa seli za homoni za kongosho na utumbo, wenye seli zilizokomaa vizuri, hupangwa hivi: chini ya 3% ni daraja la 1, 3 hadi 20% ni la 2, zaidi ya 20% ni la 3. Huko Ki-67 ni sehemu ya daraja lenyewe, pamoja na mitosisi kwa kila milimita za mraba 2, na zikitofautiana inachukuliwa ya juu. Kwenye titi Ki-67 haimo kabisa kwenye hesabu ya daraja. Usikopeshane tarakimu na mgonjwa wa kiungo kingine.

15. Sampuli ilitoka kwenye mfupa. Ki-67 imetoka 2%.

Iulizie. Mfupa hulainishwa kwa asidi ili ukatike, na asidi kali inaweza kuharibu protini ambayo kingamwili inaitafuta. Majibu ya vipokezi vya homoni nayo yanaweza kutoka hasi kwa uongo. Kama kuna tezi au ngozi yenye ugonjwa inayoweza kuchukuliwa badala yake, biopsi ya hapo inaaminika zaidi.

16. Hospitali yetu haifanyi Ki-67. Nisafiri kuitafuta?

Mara nyingi si ya kwanza kulipiwa. Vipokezi vya homoni na HER2 ndivyo vinavyochagua dawa, na bila hivyo Ki-67 haina pa kuegemea. Fedha ikiwa ya kipimo kimoja, anzia hapo. Kasi ya uvimbe tayari imo kwenye slaidi ya kawaida uliyokwisha kuilipia: mwombe daktari wa patholojia aandike alama tatu za Nottingham, idadi ya mitosisi, na eneo alilohesabu. Ukija kuihitaji Ki-67 baadaye, peleka bloku na nakala ya ripoti. Huhitaji kuchomwa upya.